Kwa nini kitabu chenye sura ya mafuriko hakina neno "mafuriko"

*Shikamoo, mkutubi. Kwenye orodha ya usomaji ya mada ya maji kuna kitabu cha mito ambacho sura yake ya sita yote ni mafuriko, lakini nikitafuta "mafuriko" hakitokei. Halafu "mafuriko" mmeliweka kundi moja na "ukame", na hivyo ni vitu viwili vinavyopingana. Maneno haya mliyachaguaje, na mliyapangaje?*

Marahaba. Wenzako kadhaa wameniuliza jambo hilihili kwa namna tofauti, kwa hiyo ninawajibu wote kwa barua moja.

Nianze na hicho kitabu cha mito. Kina kurasa 160, na sura ya sita ina kurasa 14. Hiyo haifiki sehemu moja ya kumi ya kitabu. Sura mbili za mabwawa, kwa upande mwingine, zinachukua kurasa 40, yaani robo nzima. Ndiyo maana kitabu kimepewa maneno muhimu ya kutafutia "mito" na "mabwawa", na hakikupewa "mafuriko". Tulifuata kipimo wanachotumia waorodheshaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao mwongozo wao unasema mada ipewe neno lake ikiwa imechukua angalau asilimia 20 ya kitabu. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu. Hakuna anayekaa na rula kupima aya, ila kinamzuia mtu kutoa maneno kwa huruma.

Huruma ninayoisema ni ile ya kuona kitabu kimegusa jambo ukakiandikia neno lake. Fikirini kama tungefanya hivyo kwa vitabu vyote 48 vya orodha hii. Ni vigumu mno kuandika kuhusu maji bila kutaja mto, kwa hiyo ukitafuta "mito" ungeletewa karibu orodha nzima, na ungelazimika kuanza kufungua kimoja baada ya kingine kana kwamba hakuna aliyekutangulia kuvisoma. Kwenye majaribio ya mifumo ya kutafutia yaliyofanyika Cranfield, Uingereza, miaka ya 1960, chini ya Cyril Cleverdon, mvutano huu ulijitokeza waziwazi: kadiri unavyopanua wavu ili usikose kitabu hata kimoja, ndivyo unavyovuta visivyohusika, ukiubana upate vinavyohusika tu, baadhi ya vinavyofaa vinakuponyoka. Hakuna mpangilio wa maneno unaoukwepa mvutano huo. Mkutubi anachagua tu asimame wapi, na kwa orodha ya vitabu 48 ambayo mwanafunzi anaisoma kwa macho yake, mimi nimesimama upande wa kubana.

Sura yako ya sita haikutupwa, lakini. Chini ya jina la kila kitabu kuna mistari miwili au mitatu ya maelezo, na humo imeandikwa: "Sura ya 6 inaeleza mafuriko." Ukichagua kutafuta katika maneno muhimu peke yake, huipati. Ukichagua kutafuta popote, unaipata. Wengi wenu mnaacha kisanduku cha kwanza kilivyo kwa sababu ndicho kinachokuja kimewekewa alama. Kibadilisheni pale ambapo matokeo ni machache mno.

Sasa, neno lenyewe hutoka wapi? Jina la kitabu huwa tunalisoma mwisho. Tunaanza na ukurasa wa Yaliyomo, kisha dibaji, kisha vichwa vidogo ndani ya sura, kisha faharasa ya nyuma, ambako mada yenye mfululizo mrefu wa namba za kurasa inajitambulisha yenyewe. Baada ya hapo tunaandika sentensi moja: kitabu hiki kinahusu nini? Maneno yanatolewa kwenye sentensi hiyo. Kwa kila neno kuna swali moja ninalojiuliza, nalo limeamua mabishano mengi: mwanafunzi akija na neno hili peke yake, nikampa kitabu hiki, atarudi amekasirika?

Nitawaonyesha kwa kitabu kimoja kilichotusumbua. Kinasimulia mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1854 katika mtaa wa Soho, London. Daktari aitwaye John Snow aliamini kwamba ugonjwa ule unasambazwa na maji, wakati madaktari wengi wa zama zake walilaumu hewa chafu. Aliziweka alama kwenye ramani nyumba zilizopata vifo, akaona zimekusanyika kuizunguka pampu moja ya maji katika barabara ya Broad Street, akawashawishi wakuu wa eneo hilo wauondoe mpini wa pampu. Jina la kitabu lina neno pampu, na jalada lina picha ya pampu.

Mwalimu wa jiografia na mimi tulikiandikia maneno kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana. Tulifanya hivyo kwa vitabu vyote, maana watu wawili wakisoma kitabu kimoja mara nyingi hawachagui maneno yaleyale, na ni bora tofauti ionekane mapema. Orodha zetu mbili zilipounganishwa zilikuwa na kipindupindu, pampu, ramani, London, madaktari, majitaka, maji ya kunywa na historia. Maneno manane kwa kitabu chembamba kama kile ni mengi. Tukaandika sentensi: "Kitabu kinaeleza jinsi ramani ya vifo ilivyosaidia kuonyesha kwamba kipindupindu kilisambazwa na maji ya kunywa, London, 1854."

"Kipindupindu" na "maji ya kunywa" hayakuwa na ubishi. "Ramani" lilibaki, kwa sababu sura mbili kati ya saba zinaonyesha hatua kwa hatua ramani ile ilivyochorwa, na mwenye kazi ya shule kuhusu ramani ataondoka na kitu. "London" lilibaki kama neno la mahali. "Madaktari" liliondoka: hakuna anayejifunza kazi ya udaktari humo. "Pampu" ndilo lililochukua muda. Mwenzangu alisema wanafunzi watakikumbuka kitabu kwa pampu, na kweli. Lakini darasa lenu la sayansi lina mradi wa kutengeneza pampu ndogo. Anayefanya mradi ule akitafuta "pampu" akaletewa hadithi ya ugonjwa, isiyo na mchoro wa pistoni wala wa vali, atarudi amekasirika. Tukaliondoa. Anayelikumbuka jina la kitabu atakipata kwa jina. "Majitaka" liliingia kwa shida: kitabu kinaeleza kwamba shimo la choo lililokuwa karibu lilivuja hadi kwenye kisima cha pampu, na maelezo hayo yamerudiwa katika sura nne. Hayafiki asilimia 20 kwa kuhesabu kurasa, ila ukiyatoa, maelezo ya kitabu hayasimami. Hapo kipimo cha kurasa kilishindwa na akili ya kawaida, na ni sawa kishindwe.

Jambo la pili ni ukubwa wa neno. Wengine mmeshangaa kwamba orodha ya maji haina neno muhimu "maji". Vitabu vyote 48 vingelibeba, na neno linalobebwa na vyote halitenganishi chochote. Tunafuata kanuni ya zamani ya Charles Cutter, mkutubi wa Marekani, aliyeiandika mwaka 1876: kitabu kiingizwe chini ya mada yake hasa, kisiingizwe chini ya fungu kubwa lenye mada hiyo. Mfano wake ulikuwa kitabu cha paka, ambacho alitaka kiwekwe kwenye paka, kisiwekwe kwenye wanyama wa kufugwa wala kwenye elimu ya wanyama. Kwetu, kitabu cha visima kiko kwenye "visima". Kitabu kinachogawana kurasa zake kati ya visima na chemchemi kina maneno yote mawili. Lakini kitabu kinachopita kwenye visima, chemchemi, mito, maziwa na mvua, kurasa chache kwa kila kimoja, kimepewa neno moja kubwa, "vyanzo vya maji". Mpaka wetu ni mada tatu. Ya nne ikiingia, tunapanda ngazi moja juu.

Kanuni hii ina gharama, na ni vizuri mwijue. Anayetafuta "visima" hatakiona kitabu cha vyanzo vya maji, ingawa kina kurasa zake za visima. Kwa hiyo kila neno dogo lina mstari unaosema neno kubwa lililo juu yake. Mkiona matokeo hayatoshi, pandeni.

Umbo la neno lilitupa kazi zaidi kuliko nilivyotarajia. Lugha yetu hubadilisha mwanzo wa neno, na kompyuta na alfabeti zote mbili zinasoma kuanzia mwanzo. "Kisima" kiko kwenye K, "visima" viko kwenye V. "Ziwa" liko mwisho kabisa wa orodha, "maziwa" yako katikati. Ukiandika herufi chache za mwanzo ukategemea mashine imalizie, "kisi" haitakuletea visima kamwe. Kwa hiyo tuliamua mara moja: vitu vinavyohesabika vimeandikwa kwa wingi, kama ilivyo desturi ya wanaotengeneza orodha za namna hii, na umbo la umoja limewekwa kama kielekezi tu: "kisima: tazama visima". Visivyohesabika, kama uvukizi na ukame, vimebaki vilivyo. Matendo yameandikwa kama majina, "uvunaji wa maji ya mvua" badala ya "kuvuna maji ya mvua", vinginevyo nusu ya orodha ingelundikana kwenye K. Na kwa kuwa katalogi ya maktaba nzima ina vitabu vya lishe pia, tuliandika "maziwa (jiografia)", ili anayetafuta maziwa ya kunywa asipelekwe ufukweni.

Pale jambo moja lilipokuwa na majina kadhaa, tulichagua moja. Vitabu vingine huandika majitaka, vingine maji machafu. Vingine maji ya ardhini, vingine maji ya chini ya ardhi. Kama tungeyaacha yote yafanye kazi, vitabu vya jambo moja vingegawanyika mafungu mawili, na wewe ungepata fungu la neno ulilolizoea, ukadhani umemaliza. Tulitazama kwanza vitabu vyenyewe vinasema nini mara nyingi zaidi. Ukutubi unayo kanuni ya hilo: mwaka 1911 Mwingereza Wyndham Hulme aliandika kwamba majina ya mafungu yatoke kwenye maandishi yaliyopo, yasitoke kwenye kichwa cha mpangaji. Kisha tukatazama mnachoandika ninyi kwenye kisanduku cha kutafutia. Pale vitabu na ninyi mlipotofautiana, vitabu vilishinda, na neno lenu likawa kielekezi. Ukiandika "maji machafu" utapelekwa "majitaka" bila kuulizwa.

Tahadhari moja hapo. Si maneno yote yanayokaribiana ni majina ya kitu kimoja. Kulikuwa na ombi tuunganishe "ukame" na "kiangazi". Kiangazi ni msimu, huja na kupita kila mwaka ilivyotarajiwa. Ukame ni upungufu wa mvua kuliko ilivyo kawaida ya mahali, na unaweza kutokea katikati ya msimu wa mvua. Vitabu vya kimoja havimsaidii anayetafuta kingine, kwa hiyo yamebaki maneno mawili, kila moja likisema "tazama pia" kuelekea mwenzake.

Hapo tunafika kwenye makundi, na kwenye ukame na mafuriko yako.

Ulitegemea makundi yapangwe kwa kufanana, na kwamba vinavyopingana vitenganishwe. Sisi tulipanga kwa kuuliza: neno hili linataja kitu cha namna gani? Kundi la kwanza ni mahali maji yalipo: mito, maziwa, chemchemi, maji ya ardhini. La pili ni yanayotokea: uvukizi, mvua, mafuriko, ukame, mmomonyoko wa udongo. La tatu ni yanayofanywa na watu: umwagiliaji, uvunaji wa maji ya mvua, usafishaji wa maji. La nne ni vilivyojengwa: visima, mabwawa, mifereji. Kisha kuna magonjwa, mahali, na namna ya kitabu, yaani kama ni hadithi, atlasi au kitabu cha majaribio. Njia hii ya kukata mada kwa pande zake ilienezwa na mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, katika mfumo wake wa mwaka 1933. Pande alizozitaja baadaye zilikuwa tano na majina yake ni mazito kidogo, kwa hiyo tumetumia maswali ya kawaida.

Mafuriko ni tukio. Ukame ni tukio. Moja ni la maji kuzidi na jingine la maji kupungua, na kupingana huko ndiko kunakoonyesha kwamba ni vya namna moja, maana vinapimwa kwa kipimo kimoja. Kuna jaribio dogo la kuhakikisha neno limekaa kundi lake: jaza sentensi mbili, "baadhi ya matukio ni mafuriko" na "mafuriko yote ni matukio". Zote zikiwa kweli, neno limekaa sawa. Sasa jaribu kuyaweka mabwawa chini ya mafuriko, kama mmoja wenu alivyopendekeza kwa sababu mabwawa huzuia mafuriko. "Mabwawa yote ni mafuriko" haisemeki. Uhusiano upo, ila ni wa kitu na kazi yake, na uhusiano wa aina hiyo unaandikwa kwa "tazama pia".

Neno lililovuta mabishano makubwa lilikuwa "kipindupindu". Baadhi yenu mlitaka likae karibu na mafuriko, kwa kuwa mafuriko yakichanganya majitaka na maji ya kunywa, ugonjwa hupata njia. Ni kweli, bakteria wake husafiri kwa maji yaliyoingiwa na kinyesi. Lakini mafuriko mengi hayaleti kipindupindu, na kipindupindu hutokea pasipo mafuriko; mlipuko wa Soho haukuwa na mafuriko. Tungekiweka humo, mwenye kutafuta magonjwa asingepata kuwaza kuangalia kwenye matukio. Kimekaa kwenye magonjwa, na "tazama pia" zake ni mbili: majitaka na maji ya kunywa. Mafuriko nimeyaacha nje kwa makusudi, kwa sababu hakuna kitabu hata kimoja katika 48 hivi kinachounganisha hivyo viwili kwa undani. Kikija, nitaiongeza.

Faida ya makundi inaonekana mnapochukua neno moja kutoka kila kundi. "Mafuriko" peke yake inaleta vitabu vinne. "Mafuriko" pamoja na "mabwawa" inaleta kimoja, na ndicho hasa mtu wa mada ile anakihitaji. Ukichukua maneno mawili kutoka kundi moja, tuseme "mafuriko" na "ukame", utapata vitabu vinavyolinganisha, ambavyo ni vichache na kwa kawaida ni vya tabianchi. Matokeo yakiwa sifuri, toa neno la mwisho uliloongeza kabla hujabadilisha la kwanza.

Limebaki eneo ambalo sina kanuni ya kuridhisha, nalo ni hadithi. Riwaya haina faharasa, na asilimia 20 ya riwaya ni nini? Ukurasa wa kwanza jua linawaka, wa mwisho mvua inanyesha, na katikati familia inagombana. Tunachofanya ni kuliondoa jambo kichwani tuone kama hadithi inabaki. Kuna moja kwenye orodha ambamo kisima cha ukoo kinakauka na ndugu wanatawanyika. Ondoa ukame, hakuna anayehama na hakuna hadithi, kwa hiyo ina "ukame". Nyingine ina mvua karibu kila sura, lakini watu wake wangependana na kukosana vilevile hata kama pasingenyesha. Hiyo haina neno lolote la mvua, na mwalimu wa fasihi bado hakubaliani nami.

Kuhusu sura ya sita: orodha hurekebishwa kila mwanzo wa muhula. Kama ulifanya kazi nzima ya mafuriko kwa kurasa hizo 14 na zikakutosha, niletee karatasi yenye jina la kitabu, namba za kurasa na neno uliloliandika ulipokuwa ukitafuta. Hilo la tatu ndilo ninalolihitaji zaidi, na ndilo watu husahau kuandika.